Meza ya Karibu na Barafu

Mvua ya Igoma haina salamu. Odeta alikimbilia chini ya meza ya muuza nyanya, ambaye alishafunika mali yake kwa turubai na kwenda kwa jirani. Meza ilikuwa ndefu ya kutosha watu wawili waliochuchumaa. Tayari kulikuwa na mwanamume.

"Shikamoo."

"Marahaba. Sogea huku, mama, hapo panavuja."

Akasogea. Wote wakatazama maji yanayobeba maganda ya ndizi mtaroni. Wageni hawaanzi kwa kutazamana. Huanza kwa kutazama kitu kimoja.

"Hii haikatiki leo," mwanamume alisema, kama anaiambia mvua.

"Inakatika," Odeta akajibu. "Mwanza inanyesha kwa hasira, halafu inasahau."

"Kama mke wangu. Ila yeye hasahau."

Odeta akacheka kidogo, na kicheko hicho kilikuwa mlango. Mwanamume hakukimbilia kuingia. Alisubiri, akatoa mfukoni karanga, akammiminia nusu. Ukishakula kitu cha mtu, unaona aibu kumjibu neno moja moja.

"Mimi Chenge. Natoka Magu. Na wewe lazima Mhaya, unavyoongea kwa madaha."

"Mjita! Usinitukane!"

"Basi nimetubu. Mjita na samaki, samaki na Mjita." Akauelekezea kidevu mfuko wa nailoni wa Odeta, buti nyeupe zikichungulia. "Kiwandani?"

"Kiwandani. Nakata minofu."

Hakuuliza zaidi. Akaanza yake. Alisema aliwahi kupakia magunia ya pamba, akavunjika bega, bosi akampa soda na pole. Akalionyesha bega. Mtu akikupa jeraha lake, mkono wako wenyewe unatafuta lako.

Odeta akafunua vidole. Vilikuwa vimevimba, vyeupe kwenye kucha, ngozi imepasuka kama udongo wa kiangazi. "Barafu na dawa ya kuoshea samaki. Glovu moja kwa wiki mbili. Ikitoboka, ndiyo imetoboka."

"Na mnanyamaza?"

"Nani kanyamaza? Wiki iliyopita barua ya kudai glovu ilibandikwa kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Haina jina. Meneja amesema akimjua aliyeiandika, atatoka kama utumbo wa samaki."

Kila kitu alichosema mpaka hapo kilikuwa kinajulikana mpaka kwa wauza chai wa getini. Siri ilikuwa moja tu: nani. Aliyeandika ni Evelina, mjane mwenye watoto watatu. Wanawake wenzake waliapa kwa kushikana mikono kwamba jina hilo halitatoka.

Chenge akatikisa kichwa. "Nimesikia. Wanasema ni mwanamume, kijana wa upakiaji. Wanawake hawana ujasiri huo."

Mungu amsamehe anayeweza kusikia uongo kama huo akaumeza! Odeta hakuweza.

"Mwanamume? Wanaume wanapakia, watajua nini cha vidole? Aliyeandika ni wa meza yetu, ya karibu na barafu. Anakata kila siku."

Chenge hakusema "kumbe." Hakuuliza jina. Hakula tena karanga. Mtu aliyekuwa na neno kwa kila neno sasa alikuwa ametosheka, kama mlaji anayejifuta mdomo.

Ndipo Odeta akaelewa karanga zile zilikuwa za nini. Meza ile ina wanawake sita. Alikuwa amempunguzia kazi, watu mia mbili wa kiwandani wamebaki sita. Akawahesabu kwa macho ya meneja, na kila hesabu ikaishia kwa Evelina, kwa sababu ndiye pekee aliyefika kidato cha nne.

"Kaka Chenge."

"Mm."

"Usihangaike na wale wengine. Barua niliandika mimi."

Chenge alimgeukia kwa mara ya kwanza. Akamtazama usoni, polepole, kisha mikononi.

"Wewe?"

"Mimi, Odeta. Kamwambie meneja. Na mwambie glovu bado tunataka."

"Umejiharibia, mama," alisema, na sauti ile ya karanga haikuwamo tena. Akainuka, akatembea mvuani bila kujikunyata.

Asubuhi mlinzi alisimama getini na karatasi. Watu walingoja, mabuti mkononi. Aliita jina moja.

"Odeta!"

Odeta alisikia nyuma yake Evelina akivuta pumzi ya kusema. Akamkanyaga mguu, kwa nguvu, kisigino chote, akaushikilia hapo mpaka pumzi ile ikashuka. Kisha akatoka mbele.