Tangazo la Magauni

Mwaka 2009, Mwangangi, mwenye duka la kukodisha magauni ya harusi mjini Machakos, alimwachia msaidizi wake, Wavinya, ukurasa wa Facebook wa duka aandike matangazo. Mwangangi alitaka Sheng, ile lugha ya vijana wa mtaani, kwani ndiyo lugha ya wasichana wa Mavoko. Wavinya akaandika: “Masistee, magauni ni moto, kujeni mbambike,” yaani akina dada waje wajifurahishe. Vijana walijaza utani chini ya picha, lakini hakuna aliyekuja kupima gauni.

“Basi weka Kizungu, tuonekane watu wa maana,” Mwangangi akasema.

“Mzee, bibi harusi haji peke yake. Huja na mama na shangazi, na kabla ya hapo huwa amewasomea tangazo nyumbani. Tuandike lugha ya kusomewa mama.”

Akaandika: “Bibi harusi, karibu na mama yako. Tuna magauni yanayofunika mabega, ya kuingia nayo kanisani.”

Jumamosi msichana kutoka Kangundo aliingia na mama yake na shangazi wawili. Mama akaulizia yale ya kufunika mabega, na kufikia saa sita walikuwa wamechagua moja.

“Kwa hivyo Sheng tuitupe?” Mwangangi akauliza walipoondoka.

“Hapana. Ukileta suti za vijana, nitaiandika siku hiyo hiyo.”