Waya Tatu za Mohamadi

Mume wangu Mohamadi ni fundi umeme wa magari, na hapa Buyenzi sijasikia gari lililomshinda. Sisemi hivyo kwa kuwa ni mume wangu. Mtaa mzima unasema, na hapo ndipo balaa lilipoanzia, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tangu nimeolewa ananiambia kwamba waya ni waya: ukijua unatoka wapi na unakwenda wapi, kazi imekwisha. Nami, Khadidja, ninayekodisha viti na vyombo vya muziki vya harusi, nilikuwa nimemjibu "sawa" kwa miaka kumi na tisa kabla ya balaa hilo.

Mwaka 2003 mtoto wetu Musafiri alikuwa na miaka kumi na saba, na alikuwa ametekwa na Play, ile mashine ya kuchezea mpira kwenye televisheni. Kila Jumamosi yeye na rafiki yake Aloys, mtoto wa jirani yetu Médiatrice, walitembea kwa miguu mpaka ng'ambo ya daraja la Ntahangwa, upande wa Kigobe, kwenye chumba kimoja cha kuchezea. Walirudi jua likizama. Siku zile za vita risasi zilikuwa zikishuka kutoka milimani bila kuaga, na kuanzia saa kumi za jioni mimi sikuwa mtu. Nilipanga viti, nikavipangua, nikavipanga tena. Niliogopa, basi. Nilimkataza, akatoroka. Nikamkataza tena, akaahidi, akatoroka na ahadi yake. Mtoto wa umri ule humfungi kamba kama mbuzi.

Kwa hiyo Mohamadi aliporudi siku moja kutoka Kinindo na Play kwenye mfuko wa nailoni, ameuziwa na mzungu mmoja wa mashirika ya misaada aliyekuwa anahama, karibu nimkumbatie mbele ya mafundi wenzake. Mchezo ukiwa nyumbani, mtoto atakuwa nyumbani. Hesabu ndogo tu.

Ila televisheni hatukuwa nayo. Yetu iliungua msimu wa mvua, umeme ulipokatika na kurudi kwa hasira. Mohamadi akasema hilo si neno, akatoa kutoka karakana skrini ya kompyuta aliyopewa na famasi iliyofungwa: nzito, ya zamani, imebenuka nyuma. Ilikuwa na waya mmoja mnene tu wa picha, na mwishoni mwake plagi ya bluu yenye pini kumi na tano. Play nayo ilitoa waya zake tatu zenye vichwa vya duara: njano, nyeupe na nyekundu.

Mohamadi aliziangalia, akacheka. "Mama Musafiri, ona. Hii skrini inakula rangi tatu: nyekundu, kijani na bluu. Nimeuliza mutu wa kompyuta. Na Play inatoa waya tatu. Tatu kwa tatu! Ni kuunga tu."

Nikamwambia, "Baba Musafiri, hii nyeupe na nyekundu mi nazijua. Kwenye ampli yangu ya muziki ni sauti. Moja ya kushoto, moja ya kuume. Picha itapita wapi humo?"

"Apana, mama. Mambo ya harusi ni harusi, umeme ni umeme."

Ningemjibu siku ile tungelala na njaa, maana mimi nikikasirika sipiki.

Alikata waya za akiba, akachuna, akachomelea kwa risasi ya kuyeyusha usiku na asubuhi, akapata waya wa kuunganishia: huku matundu matatu ya duara, kule tundu la pini kumi na tano. Kazi safi, lazima niseme, imefungwa utepe mweusi kama ya kiwandani. Na kwa kuwa moyo wake ulishajaa, akatangaza. Ijumaa baada ya sala alisimama nje ya msikiti akawaalika watu: fundi Radjabu, vijana wa karakana, hata mzee wa duka la vipuri. Sebule ikajaa. Musafiri na Aloys walikaa mbele kabisa, kila mmoja na kidude cha kuchezea mkononi.

Mohamadi akawasha. Taa ya Play ikawa kijani. Skrini ikaamka, ikaandika kwa Kifaransa kwamba haipati ishara yoyote, kisha ikazimika na taa yake ndogo ikageuka rangi ya chungwa. Akachomoa, akachomeka. Ikaandika vilevile. Akachukua ile taa yake ya kupimia umeme wa magari, akagusa huku na huku, taa haikuwaka hata kidogo.

Radjabu akauliza polepole, "Fundi, labda inataka kusukumwa kwanza?"

Walicheka mpaka mzee wa vipuri akashika ukuta. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, kisha nikamwona mume wangu anavyoukunja ule waya wake bila kuinua uso, nikaacha. Watu wakatoka mmojammoja. Aliyebaki ni Musafiri.

"Kesho mi naenda Kigobe," alisema. "Kule Play inatembea, picha inaonekana."

Sikulala vizuri. Jumamosi asubuhi nilimkuta mlangoni anafunga kamba za viatu, na Aloys anamsubiri nje. Nikamwambia, "Mwanangu, nipe mpaka alasiri. Sikukatazi. Nakuomba." Hakuwahi kusikia nikimwomba. Akavua kiatu kimoja, cha pili akabaki nacho.

Nilikwenda mjini kwa Melchior, kijana mmoja mwenye kibanda cha kutengeneza kompyuta karibu na soko. Namfahamu kwa kuwa alikuwa anatafuta viti vya sherehe ya mahari ya dada yake Concilie. Nilimweleza waya tatu kwa tatu. Hakucheka, na kwa hilo nitamheshimu siku zote.

"Mama, picha yote inapita ku waya ya njano peke yake," alisema. "Rangi zote zimechanganywa humo. Nyeupe na nyekundu ni sauti."

"Nilimwambia!"

"Lakini hata angeunga ile njano peke yake, skrini ingekataa. Play inachora mistari ya picha polepole, vile televisheni inapenda. Skrini ya kompyuta inataka mistari mara mbili ya haraka, na rangi kila moja njia yake. Waya haiwezi kugeuza hiyo kazi. Inataka boîte."

Akachukua kwenye rafu kisanduku cheusi, si kikubwa kuliko sabuni ya kufulia. Upande mmoja tundu la njano, upande mwingine tundu la pini kumi na tano, na waya wake wenyewe wa umeme. Akanionyesha kiswichi pembeni. "Ukiona picha inapanda na haina rangi, sukuma hapa. Kuna televisheni za Amerika na za Ulaya, hazifanani. Halafu mama, hii boîte inachelewesha picha kidogo sana. Watoto watalalamika."

"Wacha walalamike. Mi nataka walalamikie ndani."

Tukakubaliana: yeye kisanduku, mimi viti na muziki wa Concilie.

Nilipofika nyumbani Mohamadi alikuwa ameketi kwenye karakana, chini ya boneti ya gari lisilo na ubovu. Nikaweka kisanduku juu ya betri. Alikigeuza upande huu na ule.

"Umepeleka aibu yangu sokoni," akasema.

"Nimepeleka shida yangu. Aibu yako nimeiacha hapa, kaa nayo ukitaka." Kisha hasira ikanitoka, ikabaki hofu. "Baba Musafiri, mutoto yuko na kiatu kimoja mguuni. Akivaa cha pili anavuka daraja. Mi siwezi tena kungojea magharibi. Siwezi."

Alifuta mikono kwa kitambaa, akachukua kisanduku, akatangulia.

Nilimweleza aliyosema Melchior, naye akaunga: njano ya Play kwenye kisanduku, plagi ya bluu ya skrini upande wa pili, kisanduku kwenye umeme. Akawasha. Picha ikaja, ya kijivu, inapanda juu bila kukoma kama ngazi. Musafiri akavuta pumzi, mkono ukaenda kwenye kiatu. Nikasukuma kiswichi. Picha ikatulia, na majani ya uwanja yakawa kijani, kijani kweli, mpaka Aloys akapiga kelele nje ya dirisha.

Lakini uwanja ulikuwa bubu. Wachezaji walikimbia, mpira ukapigwa, watazamaji wakarusha mikono, na ndani ya chumba ulisikika mlio wa feni ya Play tu.

"Imeharibika sauti," akasema Musafiri.

"Haijaharibika," baba yake akamjibu. "Ile waya ya skrini haibebi sauti kabisa, na skrini yenyewe haina spika." Akashika vichwa viwili vilivyokuwa vinaning'inia, nyeupe na nyekundu, akavitazama kama mtu anayemaliza deni. "Hizi ni za mama yako."

Nilileta ampli na spika zangu mbili za harusi. Kwa haraka yake Mohamadi alichomeka kwenye tundu la santuri, spika zikatoa sauti ya kukwaruza, bati juu ya sementi. "Toa," nikamwambia. "Hilo ni la sahani. Play weka pa kaseti." Akatoa. Akaweka pa kaseti, na hakuniambia kwamba umeme ni umeme. Nikafungua sauti taratibu, na uwanja mzima wa watu ukaingia sebuleni kwetu ukiimba.

Nilitaka kulia. Nilipika badala yake. Vijana walikuja mmojammoja, Radjabu akaja na hakutania, na kila aliyefungwa bao alilalamika kwamba kipa anachelewa, kwamba sauti ya teke inafika kabla ya teke. Musafiri alivua kiatu cha pili bila kujua, kikasukumwa chini ya kochi. Saa kumi ilinipita nikiwa nakata vitunguu. Nilishtuka kuona ni saa kumi na moja na nusu, na kwamba sikuwa nimepanga kiti hata kimoja.

Ndipo Médiatrice, mama yake Aloys, alipoingia uani mbio, kitenge kimefunguka, bila kupiga hodi.

"Mama Musafiri! Wamepiga risasi pa daraja. Watu wanarudi wakikimbia, barabara imefungwa. Hamusikii? Aloys aliniambia leo wanaenda Kigobe. Watoto wetu wako wapi?"

Hatukusikia chochote. Spika za harusi zilikuwa zimefunika milima yote.

Nilimshika mkono, ulikuwa baridi, nikampeleka mpaka mlangoni. Aloys alikuwa kwenye mkeka, ulimi nje, anapindisha mwili mzima kufuata mpira. Hakumwona mama yake. Médiatrice alivua ndala zake, akapita juu ya miguu ya vijana, akaketi chini nyuma ya mwanawe, akashika ncha ya shati lake na asiiachie.

"Mama, unanivuta," Aloys akasema bila kugeuka.

"Cheza," akamwambia. "Cheza tu."