Siku Mji Ulipofungwa

Tangu ahamishwe kutoka Kananga kuja kufanya kazi kwenye bureau ya komini Kimemi, ofisi ya serikali mjini Butembo, mashariki mwa Kongo, Tshibangu aliishi peke yake katika chumba kimoja, na hakuwahi kuwasha moto humo. Alikula kwa Mama Kavuo, ng'ambo ya barabara: saa moja asubuhi, saa sita mchana, saa moja jioni.

Insulini yake ya kisukari ilikuwa ile iliyochanganywa tayari, dawa ya haraka na dawa ya polepole katika chupa moja. Muuguzi Myriam alimchagulia hiyo kwa kuwa siku zake zilifanana: sindano mbili tu, nusu saa kabla ya chakula cha asubuhi na cha jioni. Lakini alimwonya kwamba ikishaingia mwilini haingoji mtu. Lazima ale kwa saa yake, na cha mchana asikiruke. Tshibangu aliipenda ratiba hiyo. Zaidi ya Mama Kavuo na sahani yake, hakuna mwingine mjini aliyemngoja.

Jumatatu moja aliviringisha chupa viganjani mpaka dawa ikawa nyeupe sawasawa, akajidunga saa kumi na mbili na nusu, akatoka. Barabara ilikuwa tupu. Kwa Kavuo kulikuwa na kufuli, na maduka yote hivyohivyo. Ilikuwa ville morte, mgomo wa kufunga mji mzima. Watu walikuwa wameambizana tangu jana yake, ila yeye hakuambiwa na mtu.

Alizunguka akitafuta hata ndizi. Sukari ambayo Myriam alimwagiza asikose mfukoni ilikuwa imeisha, naye hakununua nyingine. Kabla ya saa mbili jasho lilimlowesha, mikono ikatetemeka, mawazo yakaanza kumponyoka. Alijikokota hadi uani kwao. Mlango wa Katungu, jirani ambaye kwa miezi minane walisalimiana tu, ulikuwa wazi kidogo. Aliona haya kubisha, kisha akabisha.

"Papa, umelewa asubuhi hii?"

"Hapana. Niko na diabète. Nilipiga sindano, sikukula. Sukari."

Katungu alikoroga vijiko vinne vya sukari katika kikombe cha maji, akamkalisha. Baada ya robo saa mitetemo ilikuwa bado, akampa kingine. Ilipotulia akamletea viazi na maharagwe.

"Nani anajua uko na hii ugonjwa?"

Tshibangu alitaka kutaja watu. Jina alilolipata lilikuwa la Myriam tu.

"Ungekufa mule mu chumba," Katungu alisema polepole, "sisi tungejua tu kwa sababu ya harufu."

Tshibangu alimpigia Myriam simu. Myriam akamwambia apime sukari ya damu, ale mchana, na jioni asishike sindano kabla ya kuona chakula kwa macho yake.

Saa kumi na mbili na nusu jioni alisimama uani akaona sufuria ya Katungu, aliyekuwa ameahidi kumgawia chakula, iko motoni, akapima, akajidunga. Saa moja aliletewa sahani. Hakualikwa ndani. Alikula kitandani, mlango wazi, akiwasikia jirani zake wakicheka kwa Kinande, lugha ya wenyeji asiyoijua hata neno.