Kiti cha Kuhesabia

Mimi sikuichukia ile mashine, na hilo niliseme mapema, kabla hamjaniweka kwenye kundi la wazee wanaogombana na kila kitu kipya. Niliipenda. Miaka kumi na tisa nilikuwa nimeinamia darubini kwenye maabara ya hospitali ya misheni, kule juu ndani ya hifadhi ya Ngorongoro, na shingo ilikuwa inaniuma mpaka nikipika. Kwa hiyo mwaka themanini na sita, Hhando dereva aliposhusha lile sanduku kutoka Arusha, amelizungushia mablanketi kama mzazi aliyetoka kujifungua, nilimpigia makofi mwenyewe.

Ilikuwa mashine ya kuhesabu chembe za damu. Wafadhili wa ng'ambo walikuwa wameitoa zawadi. Unachanganya tone la damu na maji ya chumvi, mashine inayavuta kupitia katundu kadogo sana, na kila chembe inapopita inaugusa umeme kidogo, basi inahesabiwa. Hata kikombe cha chai hujakimaliza, namba imewaka. Sisi tulikuwa tunavuta damu kwa mrija, kwa mdomo, tunaiweka kwenye kioo chenye miraba, halafu tunakaa na darubini tunahesabu chembe moja moja, huku watu mlangoni wanauliza majibu tayari au bado.

Hiyo kazi ya kuhesabu haikuwa yangu tena kwa miaka mingi. Ilikuwa ya msaidizi, yule anayeanza. Kila mwaka tulipokea wawili, wametoka shule na cheti kipya, wanakaa kwenye kiti cha dirishani na kuhesabu. Mwaka ule wa mashine alikuja mmoja tu, Nanyori, binti wa mzee Metui wa Kakesio. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, akasomea usaidizi wa maabara, na sasa alihitaji mwaka mzima wa kazi chini ya fundi ndipo aruhusiwe kwenda kufanya mtihani wa ufundi. Fundi mwenyewe ni mimi, Bibiana, Mwiraqw wa Rhotia, mwenye mdomo kama mnavyousikia.

Nilimpenda yule mtoto siku ya kwanza kwa sababu hakuniogopa. Nilimpa kopo la maharage na kopo tupu, nikamwambia kila chembe zikifika kumi adondoshe harage moja, ili mtu akimsemesha asipoteze hesabu. Hiyo ni mbinu yangu mwenyewe, maharage ya shambani kwangu, maana kule hifadhini kulima hakuruhusiwi. Alicheka, akasema kwao harage likifika ni la sufuria tu, hakujua kama linaweza kuajiriwa hospitali. Mama yake, Nalotuesha, alikuwa akipata gari la kliniki ananiletea maziwa kwenye kibuyu, anayaweka mezani bila neno, ananishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Mzigo wa mtu anayekushukuru hivyo, we acha tu.

Nanyori alikuwa na miezi mitatu kwetu mashine ilipofika. Haukupita mwezi, Daktari Senteu akaniita ofisini.

Senteu si mtu mbaya, msinielewe vibaya. Ni mtoto wa wafugaji, kijana msomi, anayelala akiwaza dawa zitatoka wapi. Aliniambia mashine inataka jenereta iwake kila asubuhi, dizeli yenyewe haipatikani, ikipatikana ni ghali, na kazi ya msaidizi ilikuwa kuhesabu. Sasa kuhesabu kumepata mwenyewe. Nafasi ya msaidizi ingefungwa mwisho wa mwezi. Nanyori angeandikiwa barua nzuri ya kumsifu, na kuanzia hapo tusingepokea wengine.

Nilimtajia kazi nyingine za msaidizi. Kuosha vioo, akasema mhudumu wa wodi ataosha. Kupima wekundu wa damu, akasema mashine inapima. Kusoma damu ya malaria, akasema hiyo tangu zamani ni kazi yangu, na sasa nitakuwa na nafasi zaidi. Kila nilichoshika kiliniponyoka. Nilitoka mle nimefura.

Nikamkuta Nanyori anaosha vioo. Nikamwambia hivyo hivyo, kavu, sikujua njia nyingine. Hakulia. Alifuta mikono yake taratibu kwenye aproni, akaniuliza kitu kimoja.

"Mama, nikirudi Kakesio bila mwaka huu, mtihani nitafanyia wapi?"

Hospitali ya karibu kule bondeni nayo ilikuwa inasubiri mashine ya namna hiyo hiyo, na tayari ilikuwa imeacha kuchukua wanaoanza. Nilijua, na yeye alijua. Roho iliniuma jamani.

Kesho yake nilikaa kwenye kile kiti cha dirishani, nikajiuliza mimi nilifunzwa lini. Darasani nilifundishwa, ndiyo, lakini kujua nilijulia hapo. Nilikuwa nahesabu, nahesabu, nimechoka, na Sista aliyekuwa fundi wakati ule ananiita, Bibiana, njoo utazame. Natazama, nakuta uzi mwembamba umejikunja katikati ya chembe, ndicho kijidudu cha homa ya papasi, ile inayokwenda na kurudi. Hakuna siku iliyopangwa ya kufundishwa hilo. Ilitokea nikiwa nipo. Na nilikuwepo kwa sababu kulikuwa na chembe za kuhesabu. Kuhesabu ndiko kulikonilipia kiti, na kiti ndicho kilichonifundisha. Mashine imechukua hesabu, haina kosa, lakini imeondoka na kiti.

Halafu kulikuwa na macho yangu. Mtoto wa jicho alikuwa ameanza, jicho la kulia likiona ukungu hata siku ya jua. Wiki mbili tatu nilikuwa nahamishia jicho la kushoto, najidanganya ni uchovu.

Basi nikaanza vituko. Kila damu iliyopita kwenye mashine, nilifunika ile namba kwa kitenge changu, nikamwambia Nanyori ahesabu na yeye kwa darubini. Akimaliza, nafunua. Siku ya kwanza alizidisha. Ya pili alizidisha tena. Kila mara hesabu yake iko juu kidogo, na mashine hainung'uniki, inaonyesha tu. Mtoto akanuna, akakaa anawaza, mwisho akagundua mwenyewe. Chembe zilizolalia mistari ya pembeni alikuwa anazihesabu zote, wakati sheria ni pande mbili uhesabu na pande mbili uache, la sivyo unazidisha. Miezi mitatu alikuwa nalo kosa hilo, na mimi sikuliona, kwa sababu kazi zake nilikuwa nakagua moja moja kwa kubahatisha. Mashine ilimkagua zote. Nilisimama pale nikaiangalia upya. Kumbe haikuja kumfukuza mtoto, ilikuja kunisaidia kumfundisha, sema hakuna aliyeituma kazi hiyo.

Nilikwenda kumwita Daktari Senteu aje maabara, aache alichokuwa nacho. Alikuja na koti lake na haraka yake. Nikamkalisha aone. Nanyori akahesabu, maharage yakidondoka kwenye kopo, akataja namba yake. Nikafunua kitenge. Zilikuwa zimekaribiana kabisa. Senteu akatabasamu, akasema yeye mwenyewe chuoni mistari ile ilimtesa. Halafu tabasamu likaisha, kwa maana alijua nimemwitia nini.

"Mama, siwezi kumlipa mtu kwa kazi ambayo haipo."

"Haipo, kweli," nikamwambia. "Sikuombi umlipe kwa kuhesabu. Nakuomba umlipe awe mimi."

Nikamwambia habari ya macho yangu, hapo hapo mbele ya mtoto, kwamba nina mwaka, labda miwili, kisha damu ya homa ya papasi itapita chini ya darubini yangu nisiione, na mashine itatoa namba safi kabisa ya mgonjwa ambaye hakuna aliyejua anaumwa nini. Akasema ataomba fundi aliyeiva kutoka mjini. Nikamkumbusha aliyeletwa mwaka juzi, aliyetazama ukungu wetu wiki moja akapanda lori la mahindi. Nikamuuliza pia hao walioiva wanaivia wapi, kama kila hospitali inafunga kiti cha dirishani na kila moja inangoja mwenzake amlee mtu.

Senteu alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Nanyori alikuwa amesimama ukutani, ameshika kopo la maharage kwa mikono miwili, na mimi nilikuwa nasali kimoyomoyo, kwa Kiiraqw, kwa sababu kwa Kiswahili ningemtukana mtu.

Akasema Nanyori amalize mwaka wake. Mashine itawashwa siku tatu kwa wiki, siku nyingine tuhesabu kwa mkono, dizeli ipungue. Lakini baada ya Nanyori hatachukua mwingine. Hilo hakulilegeza, na kwa hesabu za hospitali yake sikuweza kusema ni mwongo.

Nilishukuru na nilikasirika, vyote kwa pamoja, mpaka nikasahau kuzima taa ya darubini.

Tulibanana mwaka ule, mimi na yule mtoto. Kila nilichokiona nilimwita, njoo utazame, mpaka ikafika siku nikawa nainama mimi na ananiambia yeye kilichopo. Alikwenda mtihani, akarudi fundi. Mimi nikafanyiwa upasuaji wa macho, nikastaafu, nikarudi Rhotia kwenye shamba langu. Kiti changu alikalia yeye. Kile cha dirishani kilibaki kimewekewa maboksi, aliniambia aliponitembelea, na alisema hivyo bila kunitazama.

Imepita miaka mitatu. Juzi, mchana, nikasikia lori linalia getini, nikatoka, ni Hhando. Hakushuka hata. Akasema Nanyori anasalimia sana, na anaomba maharage, kopo moja tu, yale ya zamani yametobolewa na wadudu.

Nikamuuliza ya nini, mashine imekufa?

"Mashine nzima kabisa, Mama," akasema. "Amepata msaidizi wa kuanza. Binti wa Endulen, anaitwa Naserian. Nanyori alimfuata daktari wiki nzima, daktari kila akitoka wodini anamkuta mlangoni. Anamwambia neno hilo hilo, amlipe huyu mtoto awe yeye."

Nilimwambia Hhando azime injini, asubiri, na asinichekee. Machozi yalikuwa yananitoka wala sikuyafuta. Zamani walikuja wawili kila mwaka, sasa mmoja, tena baada ya miaka mitatu mitupu, na kwa mtu kusimama mlangoni wiki nzima. Lakini amekuja. Nikaleta ungo, nikakaa kizingitini, nikayachambua yale mazima tu. Nikamfungia mengi kuliko aliyoomba, maana nilitaka yamfae na atakayekuja baada ya Naserian.