Sikio la Fundi

Fundi alitega sikio karibu na rejeta ya lori, tangi la maji ya kupoza injini, kama alivyozoea, akacheka. "Kimya! Maji hayachemki. Nafungua."

"Baba watoto, acha injini ipoe kwanza," alisema mkewe, aliyemletea chakula gereji.

"Dereva ana haraka. Maji yasiyochemka yataniunguzaje?"

Mkewe akamwomba Mungu kimoyomoyo. Fundi akafunika kifuniko kwa tambara, akakizungusha.

Kumbe kifuniko ndicho kilichoyabana maji na dawa yake ya kupoza. Kwa presha ile, yalikuwa yamepita joto ambalo, kama yangekuwa wazi, yangekuwa yanatokota, lakini yametulia kama ya mtungini. Presha ilipotoka, yakachemka yote kwa mkupuo, yakamrukia usoni pamoja na mvuke.

Hospitalini daktari alisema ngozi itapona, macho basi tena.

Jioni fundi alipapasa hadi akaupata mkono wa mkewe. "Mama watoto, lori limepoa?"

"Limepoa, baba."

"Nililisikiliza vizuri, lakini."

"Ulilisikiliza."

Fundi akageukia ukutani. Mkewe alifumba macho ili asali kama kila siku, akakosa la kuomba.