Jibu la Daktari Rhona

Penisilini hunivimbisha midomo, basi kifua kiliponibana Daktari Rhona Galbraith aliniandikia clarithromycin, antibiotiki nyingine. Kompyuta ikamtolea onyo. Hutoa maonyo kutwa nzima, naye akalifunga kama anavyoyafunga mengine. Haya aliniambia mwenyewe baadaye, jikoni kwangu.

Mimi nimetangatanga meli kwa meli mpaka nikachokea hapa kisiwani Lewis, na kila usiku nameza simvastatin ya kushusha kolesteroli. Duka la dawa kijijini ni la Ishbel Macaulay. Alipoona dawa mpya hakunipa. Aliniketisha kwenye benchi, akamwandikia daktari kwa kompyuta:

"Mpendwa Daktari Galbraith, Bwana Torquil Morrison anatumia simvastatin. Clarithromycin huzuia ini kuivunja, ikajaa kwenye damu, na misuli inaweza kuharibika hadi figo zikashindwa kazi. Hazifai kutumiwa pamoja. Pengine umeshamwambia asimamishe simvastatin mpaka amalize dozi? Naomba uthibitishe kabla sijampa."

Hilo "pengine" lilikuwa adabu tu, asimwaibishe daktari. Rhona, wagonjwa wamejaa mlangoni, aliona pa kupenya. Akajibu: "Ndiyo, nimemwambia." Moyoni akasema atanipigia simu akipata nafasi.

Ishbel alisoma, akanigeukia. "Mzee Torquil, daktari kakwambia nini kuhusu kidonge chako cha usiku?"

"Kidonge? Kaniambia niache sigara, kama kawaida yake."

Akalisoma tena jibu la daktari, kisha akanikabidhi clarithromycin. "Basi nisikilize mimi. Simvastatin usiiguse mpaka hii iishe. Misuli ikiuma, au mkojo ukiwa kama chai ya rangi, piga simu hapohapo."

"Yaani mkojo wangu sasa ndio habari ya mjini?"

"Pona kwanza, ndio unitanie."

Jioni nilisinzia, simu ikalia weee bila kuisikia. Nilichosikia ni mlango kugongwa kwa ngumi. Rhona, koti halijafungwa vifungo.

"Umeshameza simvastatin?"

"Ishbel kanikataza."

Akaketi, akanieleza yote. Nilimwekea chai. Hakuigusa.

"Ishbel angeniamini, Torquil, ungemeza zote mbili usiku huu. Na usiku wa kesho."

Akatoa simu, akampigia Ishbel, akaweka sauti kubwa, nadhani makusudi, nisikie.

"Ishbel, lile jibu langu ni la uongo. Sikumwambia."

"Najua, daktari. Mzee mwenyewe alikuwa mbele yangu."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilikupa mpaka kesho asubuhi. Baada ya hapo ningeuliza, na si wewe tu." Ishbel akakohoa. "Niandikie jibu la kweli, nilitunze na lile la kwanza."

"La kwanza halifutiki?"

"Halifutiki, mama."

Rhona aliandika pale pale mezani. Aliandika sana, akafuta, akaandika tena maelezo ya foleni na uchovu, akayafuta nayo. Alipotuma alinionyesha. Lilibaki neno moja tu: "Sikumwambia."