Shemizi ya vifungo tisa

Fundi Lusenge wa Kimemi alishonea wazee nguo za flaneli laini, zinazofunguka mbele, zenye velkro, ule utepe wa kunatana, mahali pa vifungo. Viatu vyao aliviwekea soli ya mupira wa gari yenye mikato, visiteleze kwenye matope. Yeye mwenyewe, mwenye miaka sabini na vidole vigumu kama mihogo mikavu, alivaa shemizi ya vifungo tisa. "Ile ingine ni ya wazee," alisema.

Asubuhi moja, wakati wa vita, masasi ya bunduki yakalia kilimani na majirani wote wakakimbia. Lusenge alikuwa kwenye kifungo cha pili. Alikitukana, akakibembeleza, akakitukana tena. Mwishowe akaitupa shemizi, akanyakua ukutani robe, gauni ya maua aliyomushonea jirani yake mzee, Mama Godelive. Velkro chwap, chwap, ikafungika, naye huyo mbio.

Kule Vulamba, walikokimbilia majirani, alimukuta Mama Godelive, mwenye miaka themanini na mbili, ameketi mbele ya kanisa, amekwisha pumuzika. Mama akaitambua robe yake, akamuangalia fundi toka juu mpaka chini.

"Fundi, umezeeka lini?"

"Leo asubuhi, Mama. Kwenye kifungo cha pili."